Aliyejibu na Aliyepita

Kwa miaka mingi waendeshaji wa Wikipedia waliweza kusema ni makala gani imefunguliwa, saa ngapi, kutoka nchi gani, kwa simu au kwa kompyuta. Yote hayo seva huyaandika zenyewe bila kumsumbua mtu. Walichoshindwa kusema ni kwa nini msomaji amefika hapo. Makala kuhusu kimondo imefunguliwa saa nne usiku: ni mwanafunzi mwenye kazi ya kukabidhi kesho, mtu aliyebishana na shemeji yake sebuleni, au mtu aliyekosa usingizi? Kwenye kumbukumbu za seva watatu hao ni mstari mmoja.

Watafiti wa Wikimedia, taasisi inayoendesha kamusi elezo hiyo, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vikuu, waliamua kuuliza. Kwanza walitoa dodoso la kuandika kwa maneno yako mwenyewe: unasoma makala hii kwa nini? Walikaa wakayasoma majibu, wakayapanga katika mafungu, na mafungu hayo ndiyo yakawa majibu ya kuchagua. Mwezi Machi 2016, wasomaji waliochaguliwa kwa bahati nasibu katika Wikipedia ya Kiingereza wakaanza kuona kisanduku kidogo kikiwaalika kujibu maswali matatu: nini kimekuleta kwenye makala hii, je, mada hii uliifahamu tangu hapo, na unataka jibu la haraka, picha ya jumla, au kuelewa kwa kina. Basi. Waliojibu walikaribia 30,000.

Mtu wa kawaida angeishia hapo: hesabu waliochagula kila jibu, gawanya, tangaza asilimia. Watafiti hawa hawakufanya hivyo, na sababu yao ndiyo inayoniandikisha makala hii. Kisanduku kilipotokea, wengi hawakukigusa. Na hakuna sababu yoyote ya kuamini kwamba aliyekubali kusimama na kujibu yuko kama yule aliyekipita. Aliyekuja mbio kutafuta mwaka aliozaliwa mwanamuziki fulani ana sekunde kumi tu. Hana muda wa dodoso. Aliyekaa na chai yake akisoma historia ya milki ya Uthmaniyya anao. Ukihesabu majibu kama yalivyo, wenye nafasi wataonekana wengi kuliko walivyo, na utaambiwa kwamba watu wanapenda kusoma kwa kina.

Wingi wa majibu hauponyi ugonjwa huu. Mfano wake maarufu ni wa mwaka 1936 huko Marekani, jarida la Literary Digest liliposambaza karatasi za maoni kama milioni 10 kwa njia ya posta na kurudishiwa zaidi ya milioni 2. Kwa majibu hayo likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt akashinda kwa takriban asilimia 61 ya kura. Hadithi hii kwa kawaida husimuliwa kama kosa la orodha: majina yalitolewa kwenye vitabu vya simu na usajili wa magari, yaani kwa watu wenye uwezo. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mwaka 1988 mtafiti Peverill Squire alirudi kwenye data ya enzi ile akaonyesha kwamba laiti wote waliotumiwa karatasi wangejibu, jarida lingemtaja angalau mshindi sahihi. Orodha ilikuwa mbovu, ila waliochagua kuirudisha karatasi ndio waliolizamisha kabisa: waliomchukia Roosevelt walikuwa na hamu zaidi ya kununua ugomvi.

Literary Digest halikuwa na njia ya kuwajua wasiojibu. Karatasi isiyorudi haisemi lolote. Hapo ndipo tovuti ya leo inapolishinda jarida lile kwa mbali, na ndipo takwimu za seva na dodoso zinapohitajiana. Dodoso linajua sababu, lakini kwa waliojibu tu. Kumbukumbu za seva hazijui sababu, lakini zinamjua kila mtu, aliyejibu na aliyepita, kwa mambo yale yale: kifaa, saa, nchi, alikotokea, kurasa alizofungua. Kwa hiyo unaweza kuwapanga wawili hao bega kwa bega, ukaona wanatofautiana wapi, ukarekebisha.

Tuifanye hesabu yenyewe, kwa tarakimu nilizozitunga ili zigawanyike vizuri. Chukua tovuti ya Kiswahili ya mambo ya kilimo. Mhariri anataka kujua kama wageni wake wanakuja kuchukua jibu la haraka, mathalani bei ya mahindi au kipimo cha dawa ya viwavi, au wanakuja kujifunza kwa kina. Jibu litaamua kama ataajiri mwandishi wa makala ndefu. Anaonyesha mwaliko wenye swali moja katika ziara 10,000 zilizochaguliwa bila upendeleo. Anapata majibu 300. Kati yao 154 wamesema jibu la haraka, yaani asilimia 51. Nusu kwa nusu. Mhariri anatabasamu, mwandishi wa makala ndefu ataajiriwa.

Sasa anafungua kumbukumbu za seva. Katika zile ziara 10,000, simu zilikuwa 8,000 na kompyuta 2,000. Lakini katika majibu 300, ya simu ni 160 na ya kompyuta ni 140. Wa simu wamejibu kwa asilimia 2, wa kompyuta kwa asilimia 7. Tena hawafanani kwa walichosema: wa simu 112 kati ya 160 wanataka jibu la haraka, ambayo ni asilimia 70, na wa kompyuta 42 kati ya 140, ambayo ni asilimia 30. Dodoso limejaa watu wa kompyuta kupita kiasi, nao ndio wapenda kina.

Marekebisho yake ni mepesi. Kila aliyejibu asimame kwa niaba ya wenzake walioalikwa. Wa simu walioalikwa ni 8,000 na waliojibu ni 160, basi kila mmoja anabeba watu 50. Wa kompyuta ni 2,000 kwa 140, kila mmoja anabeba watu 14 na kitu. Ukihesabu kwa uzito huo, wanaotaka jibu la haraka wanapanda kutoka asilimia 51 hadi 62.

Mhariri makini haishii hapo, maana neno "simu" linaficha watu wa aina mbili. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba katika ziara 8,000 za simu, 5,000 zilitoka kwenye utafutaji wa Google na 3,000 zilikuja moja kwa moja au kwa kiungo alichotuma rafiki. Waliotoka Google wamejibu 40 tu, chini ya mmoja katika mia, na 38 kati yao walitaka jibu la haraka. Waliokuja kwa njia nyingine wamejibu 120, na kati yao 74 ndio waliotaka haraka. Rudia hesabu kwa mafungu matatu: mtu wa simu aliyetoka Google anabeba watu 125, wa simu wa njia nyingine anabeba 25, wa kompyuta anabeba wale wale 14. Jibu la haraka sasa ni asilimia 72.

Kutoka 51 hadi 72 kwa majibu yale yale 300, bila kumuuliza mtu hata mmoja zaidi. Mwandishi wa makala ndefu huenda bado anahitajika, lakini pesa ya kwanza inafaa iende kwenye ukurasa wa bei unaofunguka upesi kwenye simu.

Wikipedia walifanya jambo hili hili kwa kiwango kikubwa. Badala ya mafungu matatu yaliyokatwa kwa mkono, walitumia sifa nyingi za kila ziara na kielelezo cha kompyuta kilichokadiria, kwa kila mtu, uwezekano wake wa kujibu. Kisha kila jibu likapewa uzito uliopinduliwa: aliyekuwa na uwezekano wa kujibu wa mmoja katika mia anahesabiwa mara mia, wa mmoja katika kumi anahesabiwa mara kumi. Wazo ni lile la simu na kompyuta, ila mafungu yamekatwa membamba hadi jicho haliyaoni.

Uzito, hata hivyo, una gharama, na wanaouza huduma za dodoso huwa hawaitaji sana. Rudi kwa wale 40 wa Google. Wao wamebeba nusu ya tovuti nzima mabegani. Mmoja wao akikosea akagusa jibu la chini kwa sababu gari limeruka tuta, asilimia ya jumla inasogea kwa 1.25. Wanne wakikosea, ni asilimia 5. Upo ukokotozi unaopima hasara hii, uliotokana na mwanatakwimu Leslie Kish: jumlisha uzito wote, zidisha jumla hiyo kwa yenyewe, kisha gawanya kwa jumla ya kila uzito uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mafungu mawili, majibu 300 ya mhariri wetu yana nguvu ya majibu kama 233. Kwa mafungu matatu, yamebaki na nguvu ya kama 137. Amepunguza upotofu na kuongeza mtikisiko. Hapa naona alifanya biashara nzuri, maana namba yenye mtikisiko iliyo jirani na ukweli inamfaa kuliko namba tulivu iliyo mbali nao. Lakini akiendelea kukata, simu ya Google ya usiku ya Morogoro, atafika mahali ambapo mtu mmoja amebeba watu elfu, na hapo asilimia anayoitangaza ni maoni ya mtu huyo. Wengi huweka kikomo: uzito ukipita kiwango fulani unakatwa, na upotofu kidogo unavumiliwa.

Dawa bora ya hasara hiyo hutangulia dodoso. Kama unajua mapema kwamba wa Google hawajibu, waalike wengi zaidi tangu mwanzo, kisha uirekodi tofauti hiyo ya mialiko na kuiingiza kwenye uzito. Utarudi na 200 badala ya 40.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wenye ujuzi. Katika sifa zote za ziara, muda wa kukaa kwenye ukurasa ndio unaoshawishi zaidi kutumika: aliyekaa dakika tano si sawa na aliyekaa sekunde kumi. Tatizo ni kwamba kujibu dodoso nako kunachukua muda. Aliyejibu ataonekana amekaa muda mrefu kwa sababu tu alikuwa akijibu, na kielelezo kitajifunza kwamba wanaokaa sana ndio wanaojibu, jambo ambalo umelitengeneza wewe mwenyewe. Sifa za kutumia ni zile zilizokwisha kuandikwa kabla mwaliko haujatokea: alikotokea, kifaa, saa, ziara zake za nyuma, kurasa alizopitia kabla. Kwa sababu hiyo hiyo inafaa seva irekodi sekunde ambayo mwaliko ulionekana. Ajabu ni kwamba tovuti nyingi hurekodi majibu na kusahau kurekodi mialiko. Bila orodha ya walioonyeshwa mwaliko wakapita, hakuna cha kugawanyia, na hesabu yote hapo juu haifanyiki.

Hata orodha hiyo haina kila mtu. Mwaliko unaotokea baada ya sekunde 20 hauwafikii walioondoka kwenye sekunde ya 12. Hao hawakukataa kujibu, hawakuulizwa. Kadhalika wenye vivinjari vinavyozuia visanduku ibukizi, na wenye intaneti hafifu ambao ukurasa umefunguka lakini kisanduku kimekwama njiani. Kwenye kumbukumbu za seva wamo, na kama uzito umepigwa kwa kulinganisha na ziara zote badala ya walioalikwa tu, sehemu ya pengo hili inazibika. Ila kama hakuna hata mmoja wa kundi fulani aliyejibu, hakuna uzito wa kumpa. Sifuri haina wa kumbeba.

Kuna pia swali la faragha, kwa kuwa kuunganisha jibu na mwenendo wa mtu si jambo dogo. Njia ya kawaida ni kumpa kila aliyealikwa namba ya bahati nasibu, inayoandikwa kwenye jibu na kwenye kumbukumbu, kisha kuifuta baada ya kuunganisha. Kisanduku kinapaswa kusema wazi kwamba jibu litalinganishwa na matumizi yake ya tovuti. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote mbili zinakugusa unapokusanya habari za mtu anayeweza kutambulika.

Uunganishaji huo ulifanywa kwa uangalifu ndio uliowapa Wikipedia matunda ambayo dodoso peke yake lisingetoa. Waliosema wamekuja kwa kazi ya shule au ofisi walionekana kwenye kumbukumbu wakikaa zaidi kwenye makala moja moja, hasa za sayansi. Waliosema hawana la kufanya walionekana wakiruka upesi kutoka makala hadi makala, mada hii na ile. Mwaka 2017 wakarudia dodoso katika lugha 14, kuanzia Kiarabu na Kihindi hadi Kihungari na Kijapani, wakapata majibu zaidi ya 200,000. Humo ikaonekana kwamba wasomaji wa nchi zenye kipato na huduma duni ndio wenye mwelekeo zaidi wa kusoma kwa kina. Kiswahili hakikuwamo katika lugha hizo, kwa hiyo swali hilo kwa wasomaji wetu bado liko wazi kwa atakayelichukua.

Je, utajuaje kama marekebisho yamefaulu? Mbinu ninayoipenda ni kuuliza swali ambalo jibu lake tayari unalo. Weka kwenye dodoso: "Umeshawahi kufungua tovuti hii wiki hii?" Seva inajua, angalau kwa kivinjari hicho. Tuseme kwenye kumbukumbu waliorudi ni asilimia 30, majibu ghafi yanasema 55, na baada ya uzito yanasema 33. Uzito umefanya kazi, maana umerudisha kitu ambacho haukuambiwa. Sharti lenyewe ni kwamba sifa ya kurudi isiwe miongoni mwa ulizotumia kupiga uzito. Vinginevyo unajisifu kwa jibu ulilolinakili. Yakibaki 50, kuna jambo linaloamua nani anajibu ambalo hukuliingiza.

Na yapo mambo ambayo hayataingia kamwe, kwa kuwa seva haiyaoni. Anayeipenda tovuti yako hujibu. Aliyechoshwa nayo hufunga kisanduku. Wawili hao wanaweza kuwa na simu moja, mji mmoja, saa moja, wote wametoka Google. Hakuna uzito utakaowatenganisha. Ndiyo maana maswali ya "unaridhika na huduma yetu?" yanaponzwa na hali hii kuliko maswali ya "umekuja kutafuta nini?": kuridhika kwenyewe ndiko kunakomfanya mtu ajibu. Asilimia ya kuridhika iliyotolewa na kisanduku cha hiari mimi huisoma kwa tahadhari kubwa hata kama imepigwa uzito na mabingwa.

Kwa tatizo hilo ipo njia ya zamani, ya Morris Hansen na William Hurwitz, waliyoieleza 1946 wakati dodoso zilikwenda kwa posta. Chagua kwa bahati nasibu sehemu ndogo ya waliokataa, uwafuate kwa juhudi kubwa zaidi. Wao walituma watu wa kuwahoji ana kwa ana. Tovuti haiwezi kubisha hodi nyumbani kwa mtu, lakini inaweza kuwarudia wachache wa waliofunga kisanduku kwa swali moja tu na zawadi ya vocha ya shilingi elfu mbili. Wakijibu kwa wingi na majibu yao yakatofautiana na ya wa kwanza, umepata kipimo cha kile ambacho seva haikuona. Wakifanana, unapumua kidogo. Vocha nayo ina wateja wake, bila shaka, kwa hiyo kundi hilo liwe dogo na zawadi isitangazwe kabla.

Limebaki swali moja ambalo mhariri wetu wa kilimo anapaswa kulijibu kabla hajatamka ile asilimia 72 kwenye kikao: ni asilimia 72 ya nini? Mwaliko ulikwenda kwa ziara. Mkulima anayefungua ukurasa wa bei kila asubuhi ana nafasi saba kwa wiki za kuchaguliwa; mwanafunzi wa Sokoine anayeingia Jumapili moja kusoma makala ya saa nzima ana nafasi moja. Hesabu aliyonayo inasema juu ya ziara, na humo mkulima amehesabiwa kama watu saba. Akitaka kuzungumza juu ya watu, agawanye uzito wa kila jibu kwa idadi ya ziara za mtu huyo katika wiki ile, kadiri kuki za kivinjari zinavyoweza kumtambua, na asilimia ya wanaotaka haraka huenda ikashuka tena. Anayepanga seva na ukurasa wa mbele anataka hesabu ya ziara. Anayeamua kama kuna wasomaji wa kutosha wa kumlipa mwandishi wa makala ndefu anataka ile ya watu.